Jinsi ya kulipanga upya pendekezo la utafiti la Kiswahili, kutoka usuli mpaka mbinu (kwa mfano wa maandishi ya bajaji Mbeya)

Supavaiza akikurudishia pendekezo na ameandika pembeni "panga upya, hakuna mtiririko", wengi wanachofanya ni kukata na kubandika, yaani kichwa cha habari cha tatizo kinapandishwa juu, cha mbinu kinashushwa chini, faili linatumwa tena, na baada ya wiki mbili linarudi na maneno yaleyale. Shida ni kwamba kilichohama ni vichwa, sentensi zenyewe bado zinafanya kazi isiyo yao, kwenye usuli kuna malengo, kwenye umuhimu kuna tatizo, kwenye mbinu kuna maana za maneno kutoka vitabuni.

Mpangilio wa kusoma na mpangilio wa kufanyia kazi ni vitu viwili tofauti. Msomaji anaanza na usuli, sawa, ila wewe unayepanga upya ukianza na usuli utazama humo wiki nzima. Unaanza na tatizo, unaenda malengo, unaenda mbinu, unarudi kwenye mapitio na nadharia, usuli unauandika mwisho kabisa ukiwa tayari unajua unampeleka msomaji wapi.

Tutatumia pendekezo moja la mfano tulifanyie kazi mwanzo mwisho. Ni la shahada ya umahiri ya Kiswahili, kurasa 18, linaitwa "Umuhimu wa Lugha ya Kiswahili katika Bajaji za Mbeya". Mada inahusu yale maandishi ya nyuma na ubavuni mwa bajaji, yale ya "Riziki haina haraka", "Mama niombee", na mengine kibao. Mada nzuri tu. Ila kurasa 5 za mwanzo ni historia ya Kiswahili, ukurasa wa 6 "sababu za kuchagua mada", tatizo lipo ukurasa wa 9 sentensi moja, malengo ukurasa wa 13, na mbinu zimekaa kabla ya malengo.

Kwanza, mpangilio wenyewe

Vyuo vinatofautiana, kwa hiyo kabla ya yote chukua mwongozo wa idara yako, maana kuna idara zinataka sura tatu, kuna zinazotaka sehemu tu zenye namba bila neno "sura". Kenya mara nyingi utakutana na "madhumuni" mahali ambapo Tanzania tunaandika "malengo", na "suala la utafiti" mahali pa "tatizo la utafiti", na nadharia pamoja na mapitio mara nyingine vinawekwa humohumo sura ya kwanza. Lakini mifupa inafanana:

Sura ya kwanza: usuli, tatizo la utafiti, lengo kuu na malengo mahususi, maswali ya utafiti (au nadhariatete), umuhimu, mawanda na mipaka.
Sura ya pili: mapitio ya kazi tangulizi, pengo, kiunzi cha nadharia.
Sura ya tatu: usanifu wa utafiti, eneo, walengwa, sampuli na uteuzi wake, njia za kukusanya data, uchanganuzi, maadili.
Halafu marejeleo, ratiba, bajeti na viambatisho.

Kuzipa aya zote alama

Tengeneza kopi ya faili, ile ya zamani usiiguse. Kwenye kopi, pitia kila aya na uiandikie mbele herufi moja: U ya usuli, T ya tatizo, L ya malengo, F ya faida au umuhimu, K ya kazi tangulizi, N ya nadharia, B ya mbinu, na X ya kutoa. Usiangalie aya ipo chini ya kichwa gani, angalia inasema nini. Aya ikiwa na herufi mbili, ikate hapohapo ziwe aya mbili.

Kwenye pendekezo letu la bajaji, kurasa zile 5 za historia, yaani Kiswahili ni lugha ya Kibantu, kimeenea Afrika Mashariki na Kati, BAKITA lilianzishwa 1967, UNESCO mwaka 2021 ilitangaza Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani, zote zinapata X. Ni kweli tupu, hakuna uongo hapo, ila ungeweza kuzibandika kwenye pendekezo la taarab au la matini za Bunge na zisingebadilika hata nukta. Hicho ndo kipimo changu cha X: aya ikikaa vizuri kwenye pendekezo la mtu mwingine, haina kazi kwenye lako. Niseme ukweli, hizo kurasa ndo zinazouma kuzikata kwa sababu ndo zilizoandikwa kwa raha.

Kwenye "sababu za kuchagua mada" kulikuwa na sentensi hii: "Mtafiti aliona kuwa maandishi mengi abiria wanayatafsiri tofauti na alivyokusudia dereva". Hiyo ni T. Ni dhahabu imefukiwa chini ya kichwa kisicho chake, na bila kuzipitia aya mojamoja ungeifuta pamoja na kichwa.

Ukimaliza, hamisha aya za herufi moja zikae pamoja. Ukikuta T ina sentensi tatu na U ina kurasa saba, umeshajua kazi ipo wapi.

Tatizo ndo linaandikwa kwanza

Hapa tutulie, maana mapendekezo mengi yanafia hapa. Sentensi ya pendekezo letu ilikuwa hivi:

"Tatizo la utafiti huu ni kwamba madereva wa bajaji wanaandika maneno yasiyo sanifu na hivyo kuharibu Kiswahili."

Hilo ni lalamiko. Tatizo la utafiti ni jambo ambalo hatulijui na kutolijua kwetu kuna hasara fulani kwenye maarifa au kwenye matumizi. Kitu kinachokukera mtaani kinaweza kukuleta kwenye tatizo lakini chenyewe sio tatizo. Namna ya kutambua: jiulize, je, hili linatatuliwa kwa kukusanya data na kuzichanganua? Kama linatatuliwa kwa semina, faini au tangazo la redio, bado uko kwenye lalamiko.

Tatizo lililokaa vizuri lina hatua nne na zinafuatana: nini kinafahamika tayari, nini hakijafahamika, kwa nini hilo pengo linaleta shida, na utafiti huu utafanya nini juu yake. Aya mbili zinatosha, tatu ikizidi sana. Sasa tulijenge la kwetu, sehemu za mabano ndipo utaweka watafiti uliowasoma kweli:

"Maandishi ya kwenye vyombo vya usafiri yamechunguzwa na watafiti kadhaa, hususani kwa upande wa dhamira na uteuzi wa maneno [mtafiti, mwaka, mtafiti, mwaka]. Tafiti hizo zimeyachukulia maandishi kama matini yenye maana moja, ambayo mtafiti mwenyewe anaifasiri. Hata hivyo, maandishi ya bajaji yana waandikaji na wasomaji tofauti: mmiliki, dereva, fundi wa stika na abiria, na haijaelezwa bayana iwapo maana inayokusudiwa na wanaoyaandika ndiyo inayowafikia abiria. Bila kulielewa hilo, maelezo yaliyopo kuhusu dhima ya maandishi haya yanabaki kuwa ya upande mmoja. Utafiti huu, kwa hiyo, utachunguza maandishi ya bajaji jijini Mbeya ili kueleza dhamira zake, uteuzi wa lugha na uhusiano kati ya maana iliyokusudiwa na maana inayopokelewa."

Ona ile sentensi iliyofichwa kwenye "sababu za kuchagua mada" ndo imekuwa moyo wa tatizo. Na tahadhari: usiandike "hakuna utafiti wowote uliowahi kufanyika" kama hujatafuta, mtu mmoja kwenye paneli akitaja kazi moja tu umekwisha. Andika kwa upana wa ulichosoma. Vilevile "haujafanyika Mbeya" peke yake sio pengo, lazima useme Mbeya ina nini ambacho kingebadilisha majibu.

Malengo na maswali

Malengo ya zamani yalikuwa sita. Kuchunguza umuhimu wa Kiswahili kwenye bajaji, kujua historia ya bajaji Mbeya, kuelewa mitazamo ya madereva, kukuza Kiswahili, kutoa mapendekezo kwa serikali, na kumwezesha mtafiti kupata shahada. Hilo la mwisho usicheke, lipo kwenye mapendekezo mengi kuliko unavyodhani.

"Kukuza Kiswahili" ni umuhimu, nenda nalo kwenye F. "Kutoa mapendekezo" ni sehemu ya ripoti, sio lengo. "Kupata shahada" linafutwa. "Kujua" na "kuelewa" ni vitenzi ambavyo havipimiki, hakuna atakayeweza kuonesha kwamba umeshajua. Tumia kubainisha, kuchanganua, kufafanua, kueleza, kulinganisha, kutathmini, na kila kimoja kinadai kazi yake: ukiandika kulinganisha lazima kuwe na vitu viwili vya kulinganishwa, ukiandika kutathmini lazima uwe na kigezo.

Lengo kuu linatoka kwenye sentensi ya mwisho ya tatizo karibu neno kwa neno: kuchunguza maandishi ya bajaji jijini Mbeya, dhamira zake, uteuzi wa lugha na upokezi wake kwa abiria. Malengo mahususi matatu:

(i) Kubainisha dhamira zinazojitokeza katika maandishi ya bajaji jijini Mbeya.
(ii) Kuchanganua mbinu za lugha zinazotumika kuyajenga maandishi hayo.
(iii) Kulinganisha maana inayokusudiwa na waandikaji na maana wanayoipata abiria.

Lile la (ii) tutalirudia kwenye nadharia, kuna kitu hakijakaa sawa.

Maswali yanageuzwa kutoka kwenye malengo, moja kwa moja, kwa mfuatano uleule. Lengo la (iii) linakuwa: Je, maana inayokusudiwa na waandikaji wa maandishi ya bajaji inatofautiana vipi na ile wanayoipata abiria? Usiweke swali ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana. Na ukiwa na maswali, nadhariatete za nini tena? Chagua kimoja isipokuwa idara imedai vyote, kwa utafiti wa kimaelezo kama huu maswali yanatosha.

Mbinu zinatoka kwenye malengo, hazitoki kitabuni

Sehemu ya mbinu ya pendekezo la zamani ilikuwa kurasa 4 na kurasa 3 kati ya hizo zilikuwa "mahojiano ni nini kwa mujibu wa fulani", "hojaji ni nini kwa mujibu wa fulani", faida za hojaji, hasara za hojaji. Msomaji hajui utamhoji nani, wapi, wangapi. Toa zote hizo, bakisha sentensi moja ya sababu kwa kila mbinu.

Chora jedwali hili kwenye karatasi kabla ya kuandika chochote:

| Lengo | Data inayohitajika | Chanzo | Njia ya kukusanya | Uchanganuzi |
|---|---|---|---|---|
| (i) dhamira | maandishi yenyewe | bajaji | kupiga picha na kunakili | kuyaweka katika makundi ya dhamira |
| (ii) mbinu za lugha | maandishi yenyewe | bajaji | picha zilezile | uchanganuzi wa lugha |
| (iii) maana mbili | maelezo ya waandikaji na abiria | madereva, wamiliki, mafundi wa stika, abiria | mahojiano kwa kutumia picha | kulinganisha maelezo ya andishi lilelile |

Pendekezo la zamani lilitaja picha na hojaji kwa madereva tu. Lilinganishe na mstari wa tatu uone, kwenye lile la zamani abiria hawamo kabisa, kwa hiyo lengo lisingetimia hata ukikaa Mbeya mwaka mzima. Kitu cha namna hii kwenye maandishi ya kawaida hukioni, kwenye jedwali kinakuruka machoni. Nafasi yoyote iliyo wazi kwenye jedwali maana yake ama mbinu inakosekana ama lengo halifai. Na mbinu ambayo haina mstari, kwa mfano majadiliano ya vikundi uliyoiweka kwa sababu mwenzako ameiweka, itoe.

Sasa andika. Eneo: usitueleze Mbeya ina mlima gani na mvua kiasi gani, tueleze kwa nini Mbeya. Bajaji ni usafiri wa kila siku kati ya vituo kama Kabwe, Mafiati na Uyole, na jiji lina wazungumzaji wa Kisafwa, Kinyakyusa na lugha nyingine wanaokutana na Kiswahili, hilo lina uzito kwa mada ya maandishi ya hadharani.

Walengwa: hapa anayelijua kijiwe anajulikana na asiyelijua anajulikana. Dereva mara nyingi sio mwenye chombo, anapeleka hesabu kwa tajiri, na andishi linaweza kuwa limechaguliwa na tajiri, au na dereva aliyepita, au fundi wa stika alikuwa nalo limeshachapwa akaambiwa "weka hilo". Ukimuuliza dereva wa leo "ulikusudia nini" unaweza kupata hadithi aliyoitunga palepale. Kwa hiyo swali la kwanza la mahojiano liwe nani alichagua andishi hili, na kama sio yeye, mtafute aliyelichagua au liweke andishi hilo pembeni kwa lengo la (iii).

Sampuli: tuseme maandishi 150, yaani 50 kila kituo kwa vituo vitatu, kisha kati ya hayo unachagua maandishi 12 ya dhamira tofauti kwa ajili ya mahojiano, kila moja na aliyelichagua pamoja na abiria watatu. Hiyo inakupa waandikaji 12 na abiria 36. Sema kigezo cha kuingia: andishi lolote lililoongezwa kwa makusudi, sio namba ya usajili, sio jina la kampuni iliyotengeneza, sio stika ya leseni. Sema pia andishi likijirudia kwenye bajaji mbili utalihesabu mara ngapi. Uteuzi wa maandishi 12 ni wa makusudi, na useme hivyo bila aibu.

Watu wanapenda kubandika fomula ya Yamane hapa:

```
n = N / (1 + N × e²)
```

Kama N, yaani idadi ya walengwa wote, ni 600 na e, yaani kiwango cha makosa unachokikubali, ni 0.05, sampuli yako n ni 600 ÷ 2.5 = 240. Hesabu ni nyepesi, tatizo ni hiyo 600 umeitoa wapi. Fomula inataka idadi kamili ya walengwa na inaenda na uteuzi wa nasibu, sasa mtu anabuni N, anakokotoa n, halafu anachagua watu kwa makusudi, paneli ikiuliza orodha iko wapi hakuna. Kwa utafiti wa kimaelezo eleza tu kwa nini idadi yako inatosha, na kwamba utaongeza kama dhamira mpya bado zinajitokeza kwenye maandishi ya mwishomwisho.

Kunakili maandishi: yanakiliwa kama yalivyo, na makosa yake ya tahajia, "Usinichukie bule" inabaki "bule". Fomu ya kunakili, yaani namba ya picha, kituo, mahali lilipo kwenye chombo, andishi, lugha, unaiweka kwenye viambatisho pamoja na mwongozo wa mahojiano.

Maadili: ridhaa ya mtu kabla ya mahojiano, kuficha namba za usajili kwenye picha, na vibali. Tanzania kwa kawaida barua inatoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa mkoa, inashuka wilayani na kwenye kata, na mwisho uongozi wa kijiwe, huo ukiuruka hakuna atakayekupa ushirikiano hata ukiwa na barua ya nani. Kwa Kenya kibali kinatoka NACOSTI.

Mapitio na nadharia

Mapitio ya zamani yalikuwa "Fulani (mwaka) alichunguza hiki, akagundua hiki. Fulani (mwaka) alichunguza kile". Hayo ni muhtasari uliopangwa foleni. Panga kwa hoja badala ya majina: sehemu moja kuhusu dhamira za maandishi ya vyombo vya usafiri, nyingine kuhusu uteuzi wa lugha kwenye maandishi ya hadharani, nyingine kuhusu upokezi, yaani zinafuata malengo yako. Kila sehemu iishie na sentensi moja ya wapi kazi hizo zinaishia. Ukiziunganisha hizo sentensi tatu unapata pengo, na pengo hilo lazima liwe lilelile uliloandika kwenye tatizo. Kama ni tofauti, tatizo ndo linabadilishwa, usilazimishe kazi za watu ziseme usichokiona.

Nadharia sasa. Pendekezo la zamani lilikuwa na nadharia tatu, kila moja na historia ya mwasisi wake, na hakuna hata moja iliyotajwa tena kwenye uchanganuzi. Kwa mada hii tuchukue mtazamo wa mandhari-lugha wa Landry na Bourhis wa 1997. Wao walizungumzia lugha inayoonekana hadharani katika eneo, wakaipa dhima mbili, ya kutoa taarifa na ya kiishara, yaani lugha kuonekana kwake tu pale kunaashiria hadhi na utambulisho wa wanaoitumia. Kiunzi kiandikwe kwa aya tatu: kinasema nini, kina mipaka gani, kitatumikaje kwa kila lengo.

Hiyo ya mipaka wengi hawaiandiki na ndo inayoonesha umesoma kweli. Vilivyotajwa na Landry na Bourhis ni vitu kama alama za barabarani, mabango ya biashara, majina ya mitaa na ya mahali, vibao vya maduka na vya majengo ya serikali. Vyote vimesimama. Bajaji inatembea, asubuhi ipo Uyole mchana ipo Kabwe, kwa hiyo haiashirii eneo moja. Lazima useme utaichukuliaje, kwa mfano kwamba utaichukua njia nzima inayopita kuwa ndo eneo lake.

Halafu pitisha malengo kwenye nadharia. La (i) linakaa kwenye dhima ya taarifa na ya ishara, la (iii) linakaa. La (ii), mbinu za lugha, tashibiha na takriri na methali zilizokatwa, mandhari-lugha haina la kusema hapo. Una njia mbili, uongeze nadharia ya mtindo au ulibadilishe lengo. Mimi ningebadilisha: "(ii) Kueleza uteuzi wa lugha katika maandishi ya bajaji jijini Mbeya", Kiswahili, Kiingereza, Kiarabu, lugha za jamii zikiwepo, nani anachagua ipi na kwa nini, maana hapo dhima ya kiishara inafanya kazi yake sawasawa, na tatizo letu tayari linataja uteuzi wa lugha. Ukibadilisha lengo rudi kwenye swali lake na kwenye mstari wake wa jedwali, maana sasa picha peke yake hazitoshi, "kwa nini" inabidi iulizwe kwenye mahojiano. Watu wanabadilisha lengo sehemu moja na kusahau tatu.

Usuli mwishoni

Sasa usuli unaandikika kwa siku moja. Unajua unaishia kwenye tatizo, kwa hiyo unaanza mbali kidogo tu na kusogea. Aya ya kwanza: lugha inayoonekana hadharani na kwa nini wanaisimu wanaiangalia. Ya pili: maandishi ya kwenye vyombo vya usafiri Afrika Mashariki, kazi mbili tatu zikitajwa kwa kupita. Ya tatu: bajaji, chombo kilichopata jina kutoka kwa kampuni ya Bajaj ya India, na kilivyoingia kwenye usafiri wa miji yetu. Ya nne: Mbeya na yanayoonekana kwenye maandishi yake, na mifano miwili mitatu halisi uliyoiona. Kurasa mbili, mbili na nusu. Lile suala la SUMATRA kugeuka LATRA mwaka 2019 lililokuwa kwenye pendekezo la zamani linaingia tu kama usajili una uhusiano na nani anaruhusiwa kuandika nini kwenye chombo, vinginevyo ni X.

Sentensi ya mwisho ya usuli ikisomwa pamoja na sentensi ya kwanza ya tatizo zifuatane kana kwamba hakuna kichwa cha habari katikati. Funika kichwa kwa kidole usome.

Umuhimu, nusu ukurasa, taja nani atautumia na kwa lipi: watafiti wa mandhari-lugha wakipata mfano wa maandishi yanayotembea, walimu wa isimujamii wakipata data. Mawanda ni ulichoamua kukiacha (bodaboda na daladala hazimo), mipaka ni kinachoweza kukukwamisha na utakikabili vipi.

Anwani inabadilika mwishoni kabisa, na kwa sasa inajiandika yenyewe: "Dhamira, Uteuzi wa Lugha na Upokezi wa Maandishi ya Bajaji Jijini Mbeya". Neno "umuhimu" limeondoka, maana halikuwa likichunguzwa.

Kusafisha faili

Nyakati: pendekezo linaandikwa kwa -ta-, "data zitakusanywa", "mtafiti atawahoji". Vitu vilivyokwishafanyika, kazi za wengine, vinabaki kwa -li- au -me-. Tafuta "zilikusanywa" na "walihojiwa" kwenye sura ya tatu, ukizikuta ujue uliazima aya kwenye tasnifu ya mtu, na paneli nayo itajua. Istilahi ziwe moja, ukisema "walengwa" usije ukurasa wa mbele ukasema "watafitiwa" kwa watu walewale, na "mahojiano" yasigeuke "usaili" njiani.

Kwenye Word, vichwa vya sura vipe `Heading 1`, vichwa vidogo `Heading 2`, halafu fungua `View` na uweke tiki kwenye `Navigation Pane`. Pembeni utaona mifupa yote, na ukitaka kuhamisha sehemu unaivuta hapo pembeni na aya zake zote zinafuata. Yaliyomo unayatengeneza kwa `References` kisha `Table of Contents`, ukibadilisha kitu bonyeza `Update Table`, usiandike namba za kurasa kwa mkono.

Kabla hujatuma, chapa kurasa tatu tu: ya tatizo, ya malengo na maswali, na lile jedwali. Mpe mwenzako wa darasa asiyeijua mada, mwambie akuoneshe kwa kalamu kila lengo limetoka kwenye sentensi gani ya tatizo na data yake itatoka kwa nani. Akikwama kwenye lengo lolote, hapo ndo paneli itaanzia maswali. Jedwali lenyewe liweke kwenye viambatisho, au liambatanishe na faili unapomtumia supavaiza, atalisoma kabla ya sura.